Maji ya Bwawa Yaliyosimuliwa kwa Simu

Hivi karibuni nilipigiwa simu na mama mmoja anayefuga samaki katika vijiji vya juu vya Tarime, kule kwenye migomba na kahawa. Samaki wake walikuwa wamekufa, si wote, naye alitaka kujua kilichowaua. Asubuhi ya tukio alikuwa amepiga picha ya maji. Kwa bahati mbaya, simu yenye ile picha ilimtumbukia mferejini wakati anahangaika kufungulia maji mapya, na haikuwaka tena. Alipopata simu ya mwanawe na kunitafuta, mvua nyingine ilikuwa imenyesha, bwawa limebadilika rangi, na maji yale ya asubuhi ya msiba hayakuwemo tena bwawani.

"Sasa mwanangu, utanisaidiaje bila picha?" akaniuliza.

Nikamwambia, mama, picha ingetufaa kidogo tu. Maji ya bwawa yakipigwa picha asubuhi hubeba rangi ya mbingu. Simu nazo hurekebisha rangi zenyewe, na maji ya kijani yaliyo kivulini yanaweza kutoka kahawia. Kubwa zaidi, picha haina harufu, na haisemi samaki walianza kuhangaika saa ngapi, nani kafa kwanza, nani kabaki. Hayo ndiyo yanayotenganisha ugonjwa na ukosefu wa hewa, na ukosefu wa hewa na sumu. Kwa hiyo tukakaa kwenye simu, nikauliza, akajibu. Nataka leo nikupitishe katika mazungumzo yale, kwa sababu mabwawa ya Tarime, Serengeti na Rorya yanafanana, na wiki ijayo huenda ukawa wewe.

Swali langu la kwanza lilikuwa saa. Uliwaona saa ngapi? Akasema alitoka kwenda kukamua, kulikuwa hakujapambazuka vizuri, kama saa kumi na moja na nusu alfajiri. Akasikia maji yanachapwachapwa. Aliposogea na tochi akaona perege wamejaa juu, midomo imechomoza, wanafungua na kufunga. Wengi walikuwa wamejikusanya pale mfereji unapoingilia bwawani. Alipowapigia kelele hawakukimbia kama kawaida yao. Walizama kidogo, wakarudi.

Nikamuuliza tena: je, hali ile iliendelea mpaka mchana? Akafikiri. Akasema hapana, jua lilipokuwa limepanda, kama saa tatu hivi, waliobaki hai walishuka chini, maji yakatulia.

Msikilizaji, hapo tayari nilikuwa na nusu ya jibu, na acha nieleze kwa nini. Maji ya bwawa la samaki yana mwani, vile vimea vidogo mno ambavyo huvioni kimoja kimoja lakini vikiwa vingi huyatia maji rangi ya kijani. Mchana, jua likiwaka, mwani unatoa oksijeni, na samaki wanaivuta. Usiku hautoi kitu. Unaitumia, tena pamoja na samaki, wadudu na vijidudu vinavyoozesha samadi na pumba kule chini. Oksijeni inashuka saa baada ya saa, na inafika chini kabisa muda mfupi kabla ya kupambazuka. Perege huishi vizuri maji yakiwa na oksijeni miligramu 5 kwa lita au zaidi. Ikishuka chini ya 3 wanapoteza hamu ya kula, na ikikaribia 1 wanapanda juu kutafuta lile tabaka jembamba la maji linalogusana na hewa. Ndiyo maana wanakusanyika penye mfereji: maji yanayoanguka huchukua hewa. Kisha jua likichomoza mwani unaanza kazi, na kufikia saa tatu hali imekuwa nafuu.

Sumu haijui saa. Dawa ikiingia bwawani saa nane mchana, samaki watahangaika saa nane mchana. Ugonjwa nao huua mmoja leo, watatu kesho, kwa siku nyingi, na mara nyingi utaona vidonda, mapezi yaliyoliwa, ukungu mweupe mwilini au tumbo lililovimba. Samaki wanaohema juu alfajiri na kupata nafuu jua likipanda, hao wanakuambia jambo la oksijeni kabla hujauliza kitu kingine.

Lakini sikutaka kuishia hapo, maana mama alikuwa na hofu yake. Alisema majirani wanamwambia kuwa bwawa limetiwa dawa. Juu ya shamba lake kuna watu wanaonyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, na wengine wanapiga kahawa dawa. Hofu hiyo si ya kupuuzwa hata kidogo. Dawa nyingi za kupe zinazotumika siku hizi ni za jamii ya pairethroidi, na hizo ni kali sana kwa samaki; kiasi ambacho hakimdhuru ng'ombe kinaweza kumaliza bwawa. Mtu akisuuza bomba lake la kunyunyizia kwenye mfereji, maji yale yanakuja moja kwa moja kwako.

Basi nikamuuliza: mama, waliokufa ni wakubwa au wadogo? Akajibu bila kusita: wakubwa, wale wa kiganja kizima. Vifaranga wazima, wanaelea ukingoni kama kawaida. Na kambale je? Kambale wachache aliokuwa nao hawakufa hata mmoja. Nikauliza tena: wale wadudu wanaotembea juu ya maji kwa miguu mirefu, na vyura, umewaona? Akacheka kidogo, akasema vyura walimkesheza usiku kucha, na wadudu wapo.

Hayo majibu matatu yalinituliza. Oksijeni ikipungua, samaki mkubwa mara nyingi hutangulia, kwa sababu anahitaji hewa nyingi, ilhali kifaranga huweza kukaa pale juu kabisa na kujitosheleza na kidogo. Kambale ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu; yeye huja, anameza hewa, anarudi zake, na hali ile inayomuua perege humkuta anaendelea na shughuli. Kwa hiyo, ukimwona kambale anapanda mara moja na kushuka, usishtuke, ndivyo alivyoumbwa. Dawa ya wadudu hufanya kinyume. Kwa kawaida hukamata wadogo upesi, haimwachi kambale kwa sababu ya pumzi yake, na wadudu wa majini ndio wa kwanza kufa, kwani dawa ilitengenezwa kuua jamii yao. Samaki aliyepata dawa ya namna hiyo hahemi kwa utulivu pale juu. Anazunguka, anaogelea kwa ubavu, anarukaruka kana kwamba amechomwa, anatetemeka. Mama hakuona lolote katika hayo.

Tukaja kwenye rangi. Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu husema tu "maji yalichafuka". Nilimwomba anisimulie rangi kwa mfuatano: wiki mbili kabla, siku tatu kabla, na asubuhi ile. Akasema wiki mbili kabla maji yalikuwa ya kijani kilichoiva, kama kisamvu kilichotwangwa. Nikamuuliza kama aliwahi kuzamisha mkono. Alikuwa amefundishwa mtihani huo: unazamisha mkono wima, kiganja kimekunjwa kutazama juu, mpaka usikione. Kikipotea maji yakifika karibu na kiwiko, kama sentimita 30, mwani unatosha. Ukifikisha maji juu ya kiwiko na bado unakiona, mwani ni haba. Yeye akasema kiganja kilikuwa kinapotea hata maji hayajapita sana kifundo cha mkono. Hapo tayari mwani ulikuwa umezidi, na bwawa la namna hiyo mchana hushiba oksijeni, usiku linanyonga.

Kisha, akasema, yakaja mawingu. Siku tatu jua halikutoka, mvua inanyesha jioni na usiku. Rangi ikaanza kubadilika, kijani kikafifia, ikaingia kahawia yenye kijivu, na povu likakaa ukingoni lisipotee. Asubuhi ya tukio maji yalikuwa ya rangi ya chai iliyokaa.

Hiyo safari ya rangi, kutoka kijani kizito kwenda kahawia ya kijivu ndani ya siku chache, ndiyo niliyokuwa naitafuta. Maana yake mwani ulikufa kwa pamoja. Ukifa hautoi tena oksijeni, na mizoga yake inaozeshwa na vijidudu vinavyokula oksijeni iliyobaki. Hasara inakuja mara mbili kwa wakati mmoja.

Ila kahawia peke yake haitoshi. Mvua za Tarime huteremsha udongo mwekundu, na maji ya udongo nayo ni kahawia. Tofauti yake hujulikana kwa chupa. Chota maji katika chupa nyeupe inayoonyesha, weka karatasi nyeupe nyuma yake, iache itulie usiku kucha mahali pasipotikisika. Ikiwa asubuhi matope yameshuka chini na juu maji yameng'aa, ulikuwa na udongo. Udongo laini sana huweza kuchukua muda zaidi, lakini rangi yake itakuwa ya udongo. Ikiwa maji yamebaki ya kijani au ya hudhurungi katika chupa yote, hiyo ni rangi ya uhai au ya kuoza. Ikiwa kijani kimepanda juu kikafanya utando mzito kama rangi ya ukuta iliyomwagika, hapo una mwani wa bluu-kijani, ambao baadhi ya aina zake zina sumu. Maji hayo usimnyweshe ng'ombe. Mama hakuwa na chupa ya siku ile, lakini alikuwa na ndoo aliyochota kumwagia samaki kwa juu, akaisahau nyuma ya jiko. Nikamwomba aende akaitazame. Chini kulikuwa na tope kidogo, na maji ya juu bado yalikuwa ya rangi ya chai.

Harufu ndiyo iliyokamilisha. Nilimuuliza kama maji yalinuka. Akasema ukisimama ukingoni husikii kitu zaidi ya tope, lakini mwanawe alipoingia kuokota samaki, kila akikanyaga chini panapanda mapovu, na harufu ya yai viza inamjaa puani. Hiyo ni gesi ya salfidi hidrojeni, inayotengenezwa mahali pasipo na oksijeni kabisa. Sakafu ya bwawa lake ilikuwa na lundo la uozo. Ndipo likatoka jambo ambalo hakuwa amelifikiria kulisema: kule pembeni alikuwa na uzio wa miti aliokuwa akitupia samadi, majani na pumba zilizobaki ili zirutubishe maji, na mvua ya usiku ule iliuangusha. Samadi ya miezi mingi ikamwagika bwawani kwa mkupuo.

Kwa hiyo, msikilizaji, bila picha hata moja tulikuwa na kisa kizima. Mwani ulizidi, mawingu yakaunyima jua, ukafa. Mvua ikaangusha samadi na kuchokonoa uozo wa chini. Oksijeni ikaisha alfajiri. Wakubwa wakafa, wadogo na kambale wakapona.

Na kisa hiki si kigeni katika ardhi yetu. Mto Mara, unaotoka Kenya na kupita Serengeti na Tarime kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, una historia ya jambo hilo hilo kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 2018 watafiti Christopher Dutton, Amanda Subalusky na wenzao walichapisha kazi yao kuhusu viboko wa upande wa Kenya, ambako kuna viboko zaidi ya 4,000. Wakati wa kiangazi kinyesi chao kinatuama kwenye madimbwi, kinaoza, oksijeni inaisha. Mvua ikinyesha, maji yale meusi yanasukumwa yote mtoni kwa pamoja, oksijeni ya mto inaporomoka, na samaki wanakufa chini ya mkondo. Ule uzio wa samadi wa mama yetu ulifanya kazi ya dimbwi la viboko.

Utakumbuka pia Machi 2022, maji ya Mto Mara upande wetu yalipogeuka meusi, yakanuka, na samaki wakaelea. Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele, nayo ikasema chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika, wakaelekeza macho kwenye mgodi wa North Mara kule Nyamongo. Mimi nasema hivi: weusi, harufu ya kuoza na samaki kuelea ni dalili zinazokubaliana na maji yaliyokosa oksijeni, lakini dalili hizo haziwezi peke yake kukanusha kuwepo kwa kitu kingine ndani ya maji. Wananchi waliotaka vipimo zaidi walikuwa na haki. Watu wa huko hawajasahau Mei 2009, pale maji yenye asidi kutoka eneo la mgodi wa North Mara yalipovuja kuingia Mto Tigithe. Maji ya asidi yana tabia mbaya ya kuweza kuwa maangavu, mazuri kuyatazama, bila harufu, huku yanachoma matamvua ya samaki. Ukiona maji yamekuwa maangavu ghafla, mwani hakuna, mawe yameshika utandu wa rangi ya kutu na samaki wanatoa ute mwingi, usifurahi.

Ndiyo maana nilimwambia mama mpaka wa maneno yetu. Macho, pua na saa vilituambia kuhusu oksijeni. Havikutuambia kiasi cha amonia, wala madini mazito, wala uchachu wa maji. Amonia hasa nilikuwa na wasiwasi nayo, kwa sababu samadi ile iliyomwagika lazima iliizalisha. Nilimuuliza pia rangi ya matamvua ya waliokufa. Akasema mekundu ya kawaida, yaliyopauka kidogo. Yangekuwa ya rangi ya chokoleti, ningeshuku naitraiti, ambayo huharibu damu isibebe hewa, na hapo maelezo yangebadilika.

Kisha tukaingia kwenye la kufanya. Nilimwambia aache kulisha mpaka samaki wachangamke, kwa sababu chakula kisicholiwa kinaoza na kinakula oksijeni. Samadi yote iliyobaki ukingoni aitoe nje. Maji ayatoe kutoka chini, pale penye uozo, kwa bomba au kwa kufungua tundu la chini kama lipo, na mapya ayaingize juu yaanguke kutoka kimo, japo kwa kumwagikia jiwe, yachukue hewa njiani. Asibadilishe bwawa lote kwa siku moja. Robo kwa siku inatosha, samaki wasipate mshtuko wa baridi, maana maji ya mifereji ya milimani ni ya baridi. Na asikanyage sakafu bila sababu.

Akaniuliza habari ya chokaa, kwa kuwa jirani alimwambia amwage mfuko mzima. Nikamzuia. Chokaa ina mahali pake, bwawa likiwa limekaushwa au maji yakiwa na asidi. Lakini ukiimwaga juu ya samaki katika maji yenye amonia, unapandisha ubesi wa maji, na amonia inageuka kuwa ile hali yake inayoua. Ungemaliza waliosalia.

Samaki waliokufa alitaka kuwauza. Nikamwambia awafukie. Tulikuwa na uhakika mkubwa kuwa ni hewa, lakini uhakika wa simu hautoshi kumwekea mtu samaki mezani.

Alizungusha maji kama tulivyokubaliana, na kwa siku zilizofuata aliamka alfajiri kuwatazama. Siku za kwanza bado walipanda juu, wachache. Baadaye maji yakaanza kurudi kijani chepesi, na mkono ukawa unapotea karibu na kiwiko. Sasa anapanga kujenga uzio mpya mdogo, na kuacha kutia samadi kila mara mkono unapopotea juu juu.

Kwako unayenisikiliza sasa, ikiwa samaki watakufa bwawani mwako, andika kwenye karatasi kabla ya kufanya lolote: saa uliyowaona, hali ya hewa ya siku tatu zilizopita, rangi ya jana na ya leo, harufu ya ukingoni na ya tope la chini, wakubwa au wadogo, kambale na wadudu wapo au hawapo, na nani kapuliza dawa juu ya mfereji wako. Ukishuku dawa au mgodi, chota maji siku hiyo hiyo katika chupa safi ya kioo, uijaze mpaka juu na kuifunga. Chukua na samaki anayekufa, si aliyekwisha kuoza, umweke kwenye barafu. Andika saa na mahali juu ya chupa, na umpelekee afisa uvuvi wa wilaya kabla siku haijaisha, ili vifike maabara vikiwa bado na kitu cha kupimika. Oksijeni yenyewe haitapimika huko, kwa hiyo mwombe afisa aje na kipimo chake bwawani kwako, alfajiri, kabla jua halijachomoza.